Kabla ya kupanda gari kwenda kwenye usaili, uliza utakaa mbele ya nani

MFANYABIASHARA wa mahindi hapakii lori bila kumuuliza mnunuzi anataka mzigo wa namna gani. Ameyakausha vipi, unyevu unapimwa kwa kipimo kipi, gunia la kilo ngapi, nani atapokea na nani atalipa. Tulijifunza gharama ya kutouliza Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilipoondolewa, masharti yalibaki. Tangu wakati huo, mwenye akili mpakani anajua kwamba unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na anauliza kabla gunia halijashonwa.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akipigiwa simu kuitwa kwenye usaili wa kazi, hauulizi hata swali moja. Anajibu, "Nashukuru sana, nitafika," kisha anakata simu. Anaacha biashara siku mbili, anavuka mpaka, analipa nauli na chumba, anaingia mlangoni bila kujua kama atakutana na mtu mmoja au watano, kama ataongea au ataandika.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe. Miaka michache baada ya kumaliza chuo niliitwa na shirika moja mjini Arusha kwa kazi ya mawasiliano. Nilijiandaa wiki nzima kwa mazungumzo. Nilikariri historia ya Jumuiya, majina ya mikataba na miaka yake. Nilipofika nikapewa kompyuta na dakika 60: tafsiri kurasa mbili kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha panga jedwali la bajeti ya semina. Tafsiri niliimudu. Jedwali sikuwa nimeligusa tangu mwaka wa kwanza chuoni. Wiki moja ileile niliyoitumia kukariri ingetosha kabisa kulifufua. Sikuuliza, na hakuna aliyenificha, kwa maana siri haikuwapo. Mwenzangu aliyekuwa kiti cha jirani alijua, na alipojua ni kwa kumwuliza tu yule dada aliyetupigia simu.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilifurahi kukutana na mama mmoja pale Namanga aliyefanya kinyume changu. Amevusha vitunguu na maharage kwa miaka minane. Alituma maombi ya kuwa msimamizi wa mizigo mpakani katika kampuni ya usafirishaji yenye ofisi Nairobi. Siku ya Jumanne jioni akapigiwa simu na wakala wa ajira anayeitafutia kampuni hiyo watu: "Njoo Ijumaa, saa nne asubuhi, Nairobi." Alikubali. Kisha, kabla hajalala, akamtumia wakala yule ujumbe wa maandishi. Ameniruhusu niutoe hapa:

"Habari za jioni, dada. Nashukuru kwa simu yako ya leo. Nathibitisha nitafika Ijumaa saa nne asubuhi, saa za Nairobi. Ili nijiandae vizuri, naomba unisaidie mambo matatu. Kwanza, watakaonisaili ni wa nafasi zipi katika kampuni? Sihitaji majina. Pili, usaili utakuwa wa namna gani: mazungumzo tu, au kuna mtihani wa kuandika au wa kompyuta, na kila sehemu itachukua muda gani? Tatu, utaendeshwa kwa lugha ipi, na nije na nyaraka zipi? Kama kuna usichokijua, naomba uniulizie. Asante."

Tuutazame ujumbe huu taratibu. Unaanza kwa kuthibitisha, hivyo wakala hana wasiwasi kwamba mtu huyu anatafuta mlango wa kutokea. Unataja saa kwa ukamilifu. Hilo mpakani si dogo, kwa sababu saa nne asubuhi ya Kigali au Bujumbura ni saa tano ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na usaili wa simu ya video kati ya nchi hizi umewahi kuwapita watu kwa saa nzima. Unasema sababu ya kuuliza. Na umeandikwa, haukusemwa kwa simu, kwa hiyo jibu nalo litabaki kwenye maandishi.

Lakini maneno yenye uzito zaidi ni haya mawili: "Sihitaji majina." Sote tunaishi katika ukanda ambao mtu akiuliza jina la mkubwa, msikilizaji anafikiri chai inachemshwa. Wakala akiombwa majina anaingiwa na hofu kwamba mwombaji ataanza kupiga simu huku na kule kutafuta mjomba wa kumshika mkono. Cheo hakina hatari hiyo. Ukijua kwamba utasailiwa na mhasibu, huwezi kumhonga "mhasibu". Unachoweza kufanya ni kupitia hesabu zako tu. Ndiyo maana cheo hutolewa kwa urahisi mahali ambapo jina lingekataliwa.

Jibu lilikuja Jumatano saa tatu asubuhi. Watu watatu: meneja wa uendeshaji, mkuu wa hesabu na ofisa rasilimali watu. Mtihani wa kompyuta dakika 45, halafu mazungumzo kama dakika 40. Mtihani kwa Kiingereza, mazungumzo kwa Kiingereza na Kiswahili. Aje na kitambulisho, vyeti halisi na majina ya watu wawili wa kumdhamini kwa maneno.

Msomaji anaweza kusema: sawa, amejua, na kisha? Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maana kila cheo kina hofu yake, na usaili ni kila mmoja kupima hofu yake kwa mtu aliye mbele yake.

Meneja wa uendeshaji anaogopa lori lililosimama. Mama huyu alijua mpaka kuliko wengi, lakini alijua mpaka wa mzigo mdogo: bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasili kinachogongwa muhuri palepale, na safari inaendelea. Kampuni hii haibebi vitunguu vya gunia kumi. Inabeba kontena zinazotoka bandarini Mombasa. Huko tamko la forodha hufanywa na wakala mwenye leseni, na chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha kodi hulipwa katika nchi mzigo unakokwenda kabla haujatoka bandarini. Asingeuliza, angeingia akiwa na ujasiri wa miaka minane na kuulizwa kitu cha dunia nyingine. Alipojua kuwa meneja wa uendeshaji atakuwapo, alikwenda Jumatano mchana kwa wakala wa forodha anayefahamiana naye, akamwomba amfunulie faili moja la zamani, karatasi kwa karatasi: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha uasili, tamko la forodha. Kwa kila karatasi aliuliza mambo mawili: nani anaitoa, na ikikosekana lori linasimama wapi. Ilichukua saa mbili na chupa ya chai.

Mkuu wa hesabu anaogopa fedha isiyo na risiti. Msimamizi wa mpakani hushika fedha za safari, na hizo ndizo zinazopotea. Mama alijipangia zoezi mwenyewe. Tuseme amepewa shilingi 30,000 za Kenya kwa ajili ya lori moja. Matumizi yenye risiti ni 24,300. Matumizi yasiyo na risiti, kama mzani wa kienyeji na vibarua wa kupanga turubai, ni 2,100. Mkononi zimebaki 3,600. Jumla inarudi 30,000, kwa hiyo fedha haijapotea. Lakini mhasibu hataridhika na jumla. Atauliza zile 2,100 umeziandikaje. Jibu zuri ni kwamba umeandika hati ndogo ya malipo siku hiyohiyo, yenye tarehe, kazi, kiasi, namba ya lori na sahihi ya aliyelipwa, na kwamba ulimtaarifu bosi kabla ya kulipa pale ilipowezekana. Kwa kuwa aliambiwa kuna mtihani wa kompyuta, alimwazima mpwa wake kompyuta, akafanya zoezi hilo kwenye Excel usiku wa Jumatano na Alhamisi: safu ya tarehe, ya maelezo, ya namba ya risiti, ya kilichoingia, ya kilichotoka na ya salio, ambapo kila salio ni lile la mstari wa juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Anasema mara ya kwanza ilimchukua saa moja na nusu. Mara ya nne, dakika 25.

Ofisa rasilimali watu anaogopa mtu atakayeondoka baada ya miezi mitatu, na karatasi zitakazoleta shida. Kwa mfanyabiashara swali la kwanza halikwepeki: kwa nini unaacha biashara yako, na je, utaiacha kweli? Mama alikuwa na jibu la ukweli: mtaji ulikatika mara mbili kwa mzigo kuoza, na dada yake ndiye anayeendelea na kibanda. Swali la pili ni la uraia. Yeye ni Mtanzania, kampuni ni ya Kenya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kutafuta na kukubali kazi katika nchi nyingine, lakini haifuti kibali cha kazi. Kwa hiyo akajiandaa kuuliza kwa upole kituo chake kitakuwa upande upi wa mpaka, na kampuni ndiyo itakayoshughulikia kibali au ni yeye.

Ijumaa alikwenda. Mtihani ulikuwa wa kulinganisha fedha za safari na risiti, wenye makosa mawili yaliyofichwa ndani. Aliyaona yote mawili. Katika mazungumzo meneja alimwuliza kuhusu gharama za kuchelewa kurudisha kontena tupu, jambo ambalo hakulikuta katika faili lile. Alisema hajui viwango vyake, ila angemwuliza wakala wa meli tarehe ya mwisho siku lori linapopakia, siyo siku linaporudi. Ninapoandika makala hii bado anasubiri jibu. Sidai kwamba kuuliza kumempa kazi. Ninachosema ni kwamba alipimwa kwa uwezo wake, wakati mimi kule Arusha nilipimwa kwa mshtuko wangu.

Wapo watakaopinga. Nimewasikia, na baadhi ni wazee ninaowaheshimu. Wanasema ukiuliza maswali kabla ya kazi utaonekana mjuaji, wapo mia wanaoitaka nafasi hiyo bila maswali. Nawajibu hivi. Wakala wa ajira mara nyingi hulipwa na kampuni, na hulipwa pale mtu aliyemleta anapochukuliwa. Ukifanya vibaya, na yeye ameuza bidhaa mbovu. Swali linaloonyesha kwamba unajiandaa linamfaa yeye kama linavyokufaa wewe. Kinachochosha ni namna, siyo swali: kuuliza usiku wa kuamkia usaili, kutuma ujumbe saba kwa siku moja, au kuuliza maswali yenyewe yatakayoulizwa. Hilo la mwisho ni kuomba mtihani uvujishwe, na unastahili kunyimwa. Tuma ujumbe mmoja, mapema. Ukikaa siku nzima ya kazi bila jibu, piga simu mara moja.

Yapo mahali ambapo swali lenyewe halina kazi. Usaili wa utumishi wa umma nchini Tanzania unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira hutangazwa pamoja na utaratibu wake: usaili wa mchujo wa kuandika, wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha wa mahojiano, na tarehe, mahali na nyaraka za kubeba. Huko soma tangazo mpaka mwisho, wala usitafute nani atakaa kwenye jopo. Serikali ina sababu ya kutokusema. Ushauri wangu ni kwa kampuni binafsi, mashirika na mawakala wao.

Na wapo wakala wasiojua. Wameambiwa "tuletee watu watano Ijumaa" na basi. Ukigundua hivyo, punguza swali hadi kwenye kipande kimoja kinachobadilisha maandalizi yako kuliko vyote: "Je, nitaandika au kufanya kazi yoyote ya mikono au ya kompyuta, au ni mazungumzo tu?" Hilo mtu anaweza kuliulizia kwa dakika mbili. Usipopata hata hilo, jiandae kwa kuandika. Aliyejiandaa kuandika akakuta mazungumzo hapotezi kitu, aliyejiandaa kuongea akakuta karatasi anapoteza siku.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa mipakani hatuwezi kuidharau. Matapeli wa ajira wanapenda stendi na mipaka, kwa maana hapo watu wana haraka na mtandao wa ndugu uko mbali. Tapeli ana majibu ya mshahara, nyumba na tiketi. Mwulize watakaosaili ni wa nafasi zipi, mtihani ni wa nini na wa dakika ngapi, uone atakavyobabaika, kwa sababu usaili haupo. Kwa kawaida atageuza mazungumzo kuwa "ada ya kuandikisha" au "pesa ya faili." Wakala wa kweli anaweza kusema "sijui, ngoja niulize," kisha akarudi na jibu. Tapeli anakasirika. Ukimwona anakasirika kwa swali la heshima, usivuke mpaka. Kwa kampuni za wakala zinazojitambulisha kuwa za Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira ya huko huweka orodha ya zilizosajiliwa, na kuitazama hakugharimu nauli.

Nimewaambia waombaji waulize. Sasa nageukia waajiri, maana lawama zaidi ni yao. Mnapomwita mtu wa Mutukula, Rusumo au Busia aje mji mkuu wa nchi nyingine, mnamwita aache meza yake ya biashara. Nyanya hazimsubiri. Yeye hulipa nauli kwenda na kurudi, hulala, na huenda akalipa mtu wa kumshikia kibanda. Kumwandikia mistari minne hakuwagharimu chochote: watakaokusaili ni wa nafasi hizi, sehemu ni hizi na muda wake, lugha ni hii, njoo na karatasi hizi. Mkiificha mistari hiyo hamtapata mwerevu zaidi. Mtapata yule mwenye ndugu ndani ya ofisi aliyemnong'oneza, kwa maana siku zote kuna mmoja anayejua. Niliyekaa naye kiti cha jirani kule Arusha alijua. Ningependa kuona kampuni inayojiita ya kikanda ikiandika mistari hiyo kwenye kila barua ya wito, kwa kila mwombaji, ili asiyekuwa na mtu ndani ajue sawasawa na mwenye mtu.

Mpaka hapo watakapoanza, kazi ya kuuliza ni yetu. Ukipigiwa simu leo, shukuru, kubali, na kabla hujalala andika ujumbe: ni wa nafasi zipi, kwa namna gani, kwa lugha ipi, na nije na nini. Kisha pakia mzigo wako kwa jibu utakalopewa.